Kuivua Beta Deni na Kuivika Upya: Ukokotoaji wa Gharama ya Mtaji wa Hisa kwa Mradi Ulio Nje ya Sekta ya Kampuni

1. Chimbuko la tatizo

Kampuni ambayo hisa zake zinauzwa sokoni huwa na kadirio la gharama ya mtaji wa hisa lililokwisha kufanywa. Kadirio hilo hutokana na beta, yaani kipimo cha namna mapato ya hisa ya kampuni yanavyopanda na kushuka pamoja na soko zima. Kwa kuwa namba hiyo ipo tayari katika idara ya fedha, huelekea kutumika kupimia kila mradi unaoletwa mezani, uwe wa kupanua shughuli zilizopo au wa kuingia katika biashara ambayo kampuni haijawahi kuifanya. Makala haya yanashughulikia hali hiyo ya pili. Hoja inayojengwa ni kwamba beta ni sifa ya mahali fedha zinapopelekwa, wala si sifa ya mfuko zilikotoka. Na kwamba hatua mbili za kuihamisha beta kutoka kampuni moja hadi mradi mwingine, yaani kuivua athari ya deni na kuivika tena, hutoa jibu la kuaminika pale tu zinapofanywa kwa dhana moja ya deni, kwenda na kurudi.

Mfano utakaotumika ni wa kampuni ya saruji ya Tanzania Bara inayofikiria kujenga na kumiliki hoteli ya kitalii. Kampuni hiyo na namba zake zote ni za kielelezo. Kiwango cha kodi ya mapato ya kampuni, yaani asilimia 30, ndicho kinachotumika nchini. Mfano huu umechaguliwa kwa makusudi. Saruji na hoteli zote mbili huhitaji uwekezaji mkubwa wa majengo na mitambo, hivyo ni rahisi kwa bodi kuziona kuwa ndugu. Hata hivyo, mahitaji ya saruji hufuata ujenzi wa ndani, ilhali vitanda vya hoteli hujaa au kubaki vitupu kutegemea kipato na hofu za wasafiri walio mbali. Hatari ya biashara hizi mbili si moja.

2. Kwa nini beta ya hisa haihamishiki ilivyo

Kwa mujibu wa modeli ya bei za rasilimali za mtaji iliyowekwa na Sharpe mwaka 1964 na Lintner mwaka 1965, gharama ya mtaji wa hisa ni riba isiyo na hatari ikiongezwa beta iliyozidishwa kwa ziada ya hatari ya soko. Katika mfano huu riba isiyo na hatari inachukuliwa kuwa asilimia 10 na ziada ya soko asilimia 7. Beta ya hisa ya kampuni ya saruji ni 0.80, hivyo gharama ya mtaji wake wa hisa ni asilimia 15.6.

Suluhisho linalojitokeza haraka ni kuachana na 0.80 na kutafuta kampuni za hoteli zilizoorodheshwa sokoni, kisha kuchukua wastani wa beta zao. Hatua hiyo inaelekea upande sahihi lakini inakomea njiani. Beta inayoonekana sokoni imebeba hatari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni hatari ya biashara yenyewe: vyumba, msimu, gharama zisizobadilika za wafanyakazi na umeme. Ya pili ni hatari ya kifedha, inayotokana na ukweli kwamba wakopeshaji hulipwa kwanza na wenye hisa hubaki na masalia. Kadiri deni linavyokuwa kubwa, ndivyo mtikisiko uleule wa mapato unavyowaangukia wenye hisa kwa nguvu zaidi. Kampuni mbili za hoteli zenye biashara inayofanana kabisa zinaweza kuwa na beta za 1.2 na 1.9 kwa sababu tu moja imekopa kidogo na nyingine imekopa sana.

Hivyo kinachohamishika kutoka kampuni moja hadi nyingine ni hatari ya biashara peke yake. Hatari ya kifedha hubaki kwa mwenyewe. Ndiyo maana beta lazima ivuliwe deni la kampuni ilikotoka kabla ya kuvikwa deni la mradi inakokwenda.

3. Fomula ya Hamada na dhana iliyomo ndani yake

Fomula inayotumika zaidi katika tasnifu na katika ripoti za washauri ni ile iliyotokana na kazi ya Hamada ya mwaka 1972, ambayo iliunganisha modeli ya bei za rasilimali za mtaji na hoja ya Modigliani na Miller ya mwaka 1963 kuhusu kodi. Asili yake ni fupi na inafaa kufuatwa, kwa sababu ndani yake ndimo ilimojificha dhana inayoleta matatizo baadaye.

Thamani ya kampuni yenye deni ni jumla ya thamani ya hisa na thamani ya deni. Modigliani na Miller walionesha kuwa jumla hiyo ni sawa na thamani ambayo kampuni ingekuwa nayo bila deni, ikiongezwa nafuu ya kodi inayotokana na riba. Iwapo kiasi cha deni hakibadiliki daima, nafuu hiyo ina thamani ya kiwango cha kodi kikizidishwa kwa deni. Kwa hiyo thamani ya biashara bila deni ni H + D(1 − k), ambapo H ni thamani ya hisa, D ni thamani ya deni na k ni kiwango cha kodi. Ikiwa deni halina hatari ya soko, hatari yote ya biashara hubebwa na H peke yake. Kutokana na hapo:

```
Bh = Bm × [1 + (1 − k) × D/H]
Bm = Bh / [1 + (1 − k) × D/H]
```

Bh ni beta ya hisa inayoonekana sokoni. Bm ni beta ya mali, yaani beta ya biashara iliyovuliwa deni. Mstari wa pili huvua, wa kwanza huvika.

Dhana mbili zimo humu. Moja ni kwamba kiasi cha deni ni cha kudumu kwa shilingi, hata thamani ya kampuni ipande au ishuke. Nyingine ni kwamba beta ya deni ni sifuri. Watafiti wengi huiandika fomula hii bila kuzitaja dhana hizo, na kwa kawaida hakuna madhara mpaka pale fomula nyingine inapoingizwa katikati ya kazi.

4. Mfano uliofanyiwa kazi

Ugumu wa kwanza ni kupata kampuni za kulinganisha. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina benki, saruji, bia na sigara, lakini si mahali pa kupata sampuli ya hoteli. Jirani wa karibu ni Soko la Hisa la Nairobi, ambako imeorodheshwa TPS Eastern Africa, yenye hoteli na kambi za Serena nchini Kenya na Tanzania. Kampuni hiyo inalingana vizuri na mradi kwa biashara na kwa eneo, lakini kampuni moja haifanyi sampuli. Kosa la kawaida la makadirio ya beta kwa data za miezi 60 linaweza kufikia 0.3 bila kushangaza, na kwa ziada ya soko ya asilimia 7, hilo peke yake ni zaidi ya pointi 2 za asilimia katika gharama ya mtaji. Kuchukua wastani wa kampuni kadhaa hupunguza kosa hilo, hivyo mtafiti hulazimika kutoka nje ya kanda.

Tuseme zimepatikana kampuni tatu, kila moja katika nchi yake. Kampuni ya Kwanza ina beta ya hisa 1.45, uwiano wa deni kwa hisa 0.80 na kodi ya asilimia 30. Ya Pili ina beta 1.20, uwiano 0.40 na kodi ya asilimia 25. Ya Tatu ina beta 1.90, uwiano 1.50 na kodi ya asilimia 20. Kila kampuni huvuliwa kwa deni lake na kwa kodi ya nchi yake:

```
Kwanza: 1.45 / (1 + 0.70 × 0.80) = 1.45 / 1.56 = 0.93
Pili:   1.20 / (1 + 0.75 × 0.40) = 1.20 / 1.30 = 0.92
Tatu:   1.90 / (1 + 0.80 × 1.50) = 1.90 / 2.20 = 0.86
```

Beta ambazo zilitofautiana kutoka 1.20 hadi 1.90 sasa zimekaribiana kati ya 0.86 na 0.93. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba kampuni hizi kweli ziko katika biashara moja. Kama baada ya kuvuliwa zingebaki zimetawanyika, mtafiti angepaswa kurudi kuuliza nani kati yao si wa sekta hii, badala ya kukimbilia wastani. Wastani wa tatu hizi, kabla ya kukadirisha kila moja, ni 0.905, na hapa unaandikwa 0.91.

Sasa mradi unavikwa deni lake. Ikiwa hoteli ya aina hii inaweza kubeba theluthi moja ya deni, uwiano wa deni kwa hisa ni 0.50. Kodi inayotumika ni ya mahali mradi ulipo, yaani asilimia 30:

```
Bh ya mradi = 0.91 × (1 + 0.70 × 0.50) = 0.91 × 1.35 = 1.23
Gharama ya hisa = 10 + 1.23 × 7 = 18.6
```

Gharama ya mtaji wa hisa wa mradi ni asilimia 18.6. Inakaa katikati ya makosa mawili. Beta ya kampuni ya saruji ingetoa 15.6. Wastani wa beta za hoteli ambazo hazijavuliwa deni ni 1.52, na ungetoa 20.6.

Athari yake katika uamuzi huonekana pale gharama hiyo inapoingia katika wastani wa gharama ya mtaji wenye uzito. Kampuni inaweza kukopa kwa asilimia 12, ambayo baada ya nafuu ya kodi ni 8.4. Kwa mradi, theluthi mbili za 18.6 na theluthi moja ya 8.4 hutoa asilimia 15.2. Kwa kampuni ya saruji, yenye uwiano wa deni kwa hisa wa 0.25, hesabu kama hiyo hutoa 14.2. Hoteli inayogharimu shilingi bilioni 20 na kuingiza shilingi bilioni 2.94 kila mwaka baada ya kodi, kwa muda usio na kikomo na bila kukua, ina faida ya asilimia 14.7. Ikipimwa kwa kipimo cha saruji, thamani yake halisi ya sasa ni takribani shilingi milioni 700 juu ya sifuri, na bodi inaidhinisha. Ikipimwa kwa kipimo chake yenyewe, iko takribani shilingi milioni 660 chini ya sifuri. Wenye hisa wa kampuni ya saruji wangepoteza fedha hizo bila karatasi yoyote ya mkutano kuonesha kosa.

Kosa la upande wa pili ni la kimya zaidi, kwa kuwa mradi uliokataliwa hauachi hesabu za kukaguliwa. Hoteli nyingine ya gharama hiyohiyo, inayoingiza shilingi bilioni 3.2 kwa mwaka, ina thamani halisi ya takribani shilingi bilioni 1.05 kwa asilimia 15.2. Beta za hoteli zikitumika bila kuvuliwa, kipimo hupanda hadi 16.5 na mradi mzuri huonekana una hasara ya shilingi milioni 600 na zaidi.

5. Fomula zinapochanganywa

Katika mfano huu kuna jambo ambalo mtahini makini angelihoji. Fomula ya Hamada ilichukulia kuwa beta ya deni ni sifuri, lakini kampuni inakopa kwa asilimia 12 wakati riba isiyo na hatari ni 10. Pointi 2 hizo zinatoka wapi? Sehemu yake ni fidia ya hasara inayotarajiwa pale mkopaji anaposhindwa kulipa, na sehemu ni fidia ya hatari ya soko. Zote mbili zingekuwa za soko, beta ya deni ingekuwa 2 gawanya kwa 7, yaani takribani 0.29. Kwa kuwa sivyo, 0.2 ni kadirio la wastani linaloweza kutetewa.

Dhana ya kiasi cha deni kisichobadilika nayo haizifai kampuni nyingi. Kampuni nyingi hulenga uwiano: thamani ikikua hukopa zaidi, ikipungua hupunguza. Hapo nafuu ya kodi haina tena uhakika wa deni; hupanda na kushuka pamoja na biashara, na hubeba hatari ileile ya biashara. Harris na Pringle, mwaka 1985, walifuata hoja hiyo na kufikia fomula ambayo kodi haionekani ndani yake:

```
Bm = Bh × H/(D+H) + Bd × D/(D+H)
Bh = Bm + (Bm − Bd) × D/H
```

Kwa Bd ya 0.2, kampuni zetu tatu zinavuliwa na kufikia 0.89, 0.91 na 0.88, wastani 0.90. Zikivikwa deni la mradi, beta ni 0.90 + 0.70 × 0.50, yaani 1.25, na gharama ya hisa ni asilimia 18.8. Kwa Bd ya sifuri, wastani wa kuvuliwa ni 0.81, na kuvikwa ni 0.81 × 1.50, yaani 1.22, gharama ni 18.5.

Ikumbukwe kuwa Hamada ilitoa 18.6. Fomula tatu zenye dhana tofauti kabisa zimetofautiana kwa pointi 0.3 tu, ingawa beta za mali zilizozalishwa katikati, 0.91, 0.90 na 0.81, hazikufanana. Sababu ni kwamba kosa la dhana linaloingia wakati wa kuvua hutoka kwa sehemu kubwa wakati wa kuvika, mradi njia ni ileile.

Njia zikichanganywa, kinga hiyo hutoweka. Mtafiti akivua kwa Harris na Pringle yenye Bd ya sifuri kisha akavika kwa Hamada, anapata 0.81 × 1.35 na gharama ya 17.7. Akifanya kinyume chake, anapata 0.91 × 1.50 na gharama ya 19.6. Umbali kati ya majibu hayo mawili ni takribani pointi 2, mara nyingi zaidi ya tofauti kati ya fomula zenyewe. Tena si umbali usio na madhara: kwa 17.7 wastani wa gharama ya mtaji wa mradi hushuka hadi 14.6, na ile hoteli ya asilimia 14.7 iliyopaswa kukataliwa inapita kwa nywele.

Mchanganyiko wa aina hii haufanywi kwa makusudi. Njia yake ya kawaida ni kwamba beta ya mali ya sekta huchukuliwa ikiwa tayari imevuliwa, kutoka katika jedwali la mtu mwingine, na mtafiti huivika kwa fomula aliyofundishwa darasani. Jedwali linaweza kuwa limetumia Hamada, linaweza kuwa limetumia deni baada ya kutoa fedha taslimu, linaweza kuwa na beta ya deni. Pasipo maelezo ya namna ilivyovuliwa, beta ya mali ni namba isiyo na kipimo, na ni salama zaidi kurudi kwenye beta za hisa na kuvua upya.

Kinga ya kutumia njia moja ina mpaka wake. Inafanya kazi kwa sababu uwiano wa mradi, 0.50, umo ndani ya wigo wa sampuli, ulioanzia 0.40 hadi 1.50. Mradi ukivikwa uwiano wa 2.0, Hamada inatoa asilimia 25.3, Harris na Pringle yenye Bd ya 0.2 inatoa 26.1, na yenye Bd ya sifuri inatoa 27.0. Kwa kiwango hicho cha deni, beta ya deni ya 0.2 nayo haiaminiki tena, kwa kuwa wakopeshaji wamekwisha kuingia katika hatari ya biashara. Fomula inapolazimishwa kwenda mbali na data, chaguo la dhana huanza kutawala jibu.

6. Deni lipi, na kwa thamani ipi

Namba inayoharibu kazi nyingi zaidi ni D/H, ingawa huonekana rahisi kuliko zote. Mara nyingi hutolewa katika mizania kwa sababu ndiko inakopatikana. Lakini wenye hisa waliozalisha beta walikuwa wakiuza na kununua kwa bei ya soko, si kwa thamani ya vitabuni. Kampuni ya Kwanza ikiwa na bei ya soko mara mbili ya thamani ya vitabuni, uwiano wake wa vitabuni ni 1.60 badala ya 0.80, na beta yake ya mali hushuka kutoka 0.93 hadi 0.68. Hoteli imegeuzwa kuwa na hatari ya saruji kwa kosa la safu moja.

Uwiano huo pia lazima uwe wa kipindi kilekile cha beta. Beta ya miezi 60 ni wastani wa miaka mitano, na uwiano wa siku moja ya mwisho unaweza usiwakilishe chochote. Mwaka 2020 unatosha kuwa ushahidi: bei za hisa za hoteli ziliporomoka duniani kote wakati madeni yalibaki palepale, na uwiano wa D/H ukaruka bila kampuni kukopa. Anayevua beta ya miaka mitano kwa uwiano wa Machi 2020 anaivua nguo ambayo haikuwahi kuivaa kwa muda mwingi wa kipindi hicho.

Kwa hoteli kuna mtego mwingine, nao ni upangaji. Kampuni nyingi za hoteli hupanga majengo kwa mikataba ya muda mrefu, na malipo ya pango ni wajibu usiokwepeka kama riba. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 16, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, kilileta wajibu huo ndani ya mizania kama deni. Kabla ya hapo mikataba mingi ilibaki katika maelezo ya chini. Kampuni ileile, yenye mikataba ileile, ilionekana kuwa na deni dogo mwaka 2018 na kubwa mwaka 2019. Sampuli inayovuka tarehe hiyo bila marekebisho inalinganisha mbinu mbili za uhasibu.

Aidha, neno hoteli halitoshi kuitambulisha biashara. Mwaka 1993 Marriott Corporation iligawanywa kuwa kampuni mbili: Host Marriott, iliyobaki na majengo, na Marriott International, iliyochukua usimamizi wa hoteli kwa ada. Zote mbili zilikuwa za hoteli, lakini mwenye jengo hubeba gharama zisizobadilika na msimamizi hupokea sehemu ya mapato bila kuzibeba kwa kiasi hicho. Mradi wa kujenga na kumiliki hulinganishwa na wenye majengo. Kampuni za usimamizi zikijazana katika sampuli kwa sababu ndizo zenye majina, beta ya mali haitakuwa ya mradi huu.

Kwa upande wa kuvika, swali ni deni la nani. Benki inaweza kukubali kukopesha asilimia 90 ya gharama ya hoteli kwa dhamana ya kiwanda cha saruji. Mkopo huo hauonyeshi uwezo wa hoteli kubeba deni. Unaonyesha uwezo wa kiwanda. Hoteli ikivikwa asilimia 90 hizo, inatwishwa hatari ya kifedha ambayo kwa hakika imebebwa na saruji, na wakati huohuo inajitwalia nafuu ya kodi isiyo yake. Uwiano unaofaa ni ule ambao hoteli ya aina hii ingeweza kuubeba ikisimama yenyewe, nao hukadiriwa kwa kutazama kampuni za sampuli. Sheria nayo ina neno: Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, Sura ya 332, huwekea kampuni zilizo chini ya udhibiti wa wamiliki wasio wakazi na wengine waliotajwa humo ukomo wa deni kwa mtaji wa 7 kwa 3 katika kukata riba. Juu ya ukomo huo, (1 − k) katika fomula haina msingi kwa sehemu ya deni iliyozidi.

7. Beta inayotoka katika soko lenye mauzo machache

Kinachobaki ni ubora wa beta zenyewe kabla hazijavuliwa. Hisa ambayo haikuuzwa wiki nzima huandikiwa bei ya wiki iliyopita, na mapato yake ya wiki hiyo husomeka sifuri hata kama soko limetikisika. Sifuri hizo huivuta beta chini. Dalili ni mbili na ni rahisi kuzitafuta. Ya kwanza ni idadi ya wiki zenye mapato ya sifuri. Zikifika theluthi ya sampuli, beta ya kila wiki haifai kutumika. Ya pili ni beta inayopanda kila muda wa kipimo unaporefushwa, kutoka siku hadi wiki na kutoka wiki hadi mwezi. Dimson, mwaka 1979, alipendekeza kuingiza katika mlinganyo mapato ya soko ya vipindi vilivyotangulia na vinavyofuata, kisha kujumlisha vigawo vyake. Marekebisho haya hufanywa kwenye beta ya hisa, kabla ya kuvua, kwa kuwa kuvua hugawanya kosa lililomo lakini hakuliondoi.

Hoja hii inaigusa hata ile 0.80 ya kampuni ya saruji. Ikivuliwa, inatoa 0.80 gawanya kwa 1.175, yaani 0.68. Kama hisa zake huuzwa kwa nadra, sehemu ya pengo kati ya 0.68 na 0.91 ya hoteli si tofauti ya sekta bali ni ukimya wa soko, na kampuni inapaswa kuipima upya saruji kabla ya kudai kuwa hoteli ni ya hatari zaidi kwa kiasi hicho.

Iwapo hoteli itajengwa, na iwapo itakuwa sehemu ya tano ya thamani ya kampuni, beta ya mali ya kampuni nzima itasogea kutoka 0.68 kuelekea 0.73, ambayo ni nne ya tano ya saruji na moja ya tano ya hoteli. Tangu hapo beta ya kampuni hiyo sokoni haitakuwa tena ya saruji wala ya hoteli, na mtafiti atakayeitumia kama kampuni ya kulinganisha katika sekta ya saruji atalazimika kwanza kuitoa hoteli ndani yake, kwa beta ileile ya 0.91 iliyokadiriwa mwanzoni.